Dakika Nne na Nusu za Mchonga Milango

Mwaka 1953 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilirekodi filamu fupi ya mikono ya mfinyanzi Georges Aubertin ikiunda chungu kwenye gurudumu. Filamu ile haikuwa na mtangazaji, na hakuna aliyeeleza chochote. Kazi yake ilikuwa kuziba mianya. Siku hizo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja, na kipindi kikiisha mapema au mitambo ikileta shida, watazamaji waliwekewa mikono ya mfinyanzi mpaka mambo yatengemae. Chungu chenyewe hakikukamilika. Kila kilipokaribia kupata umbo, mikono ilikigeuza kikawa kitu kingine. Watu waliitazama, wakaipenda, na hadi leo ni miongoni mwa picha zinazokumbukwa sana za enzi hiyo ya televisheni.

Anayeandika kipengele cha fundi kwa ajili ya televisheni angali anashughulika na mambo mawili yale yale. Mikono inayojua kazi inamshika mtazamaji hata kama hakuna anayesema neno. Na saa ya studio haimsubiri mtu. Ugumu ni kwamba mikono haina haraka, na saa haina subira, kwa hiyo lazima karatasi ivipatanishe kabla kamera haijatoka kwenye mkoba.

Tuchukue kipengele kimoja tukifuate hatua kwa hatua. Ni cha fundi anayechonga milango ya nakshi Mji Mkongwe, Zanzibar, na kinarushwa ndani ya kipindi cha mseto, yaani kipindi kinachounganisha mambo mbalimbali chini ya mtangazaji mmoja: mapishi, afya, mgeni wa studio, kisha fundi. Muundo huu si wa jana. BBC ilianza kipindi chake cha jioni kilichoitwa Tonight mwaka 1957, na mwongozaji wa mazungumzo, Cliff Michelmore, ndiye aliyekuwa akimtoa mtazamaji kwenye jambo moja na kumpeleka kwenye jingine. Maneno hayo ya kuunganisha ndiyo tutakayoyaita viungo. Ni mafupi, na ndiyo yanayoharibika kuliko kitu kingine chochote katika kipengele.

Mtayarishaji amepewa dakika nne na sekunde 30, yaani sekunde 270. Hazigawi apendavyo. Sekunde 25 za mwanzo ni za mtangazaji akiwa studio, anapotambulisha. Dakika tatu na sekunde 35 ni za kipande kilichorekodiwa kule karakana. Sekunde 30 za mwisho ni za mtangazaji tena, anapopokea na kusonga mbele. Mgawanyo huu huandikwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu kila atakayeishika karatasi ile, kuanzia mpigapicha hadi anayeendesha mitambo usiku wa kurusha, atauliza hilo kwanza.

Karatasi yenyewe ina safu mbili. Kushoto ni picha, kulia ni sauti, na kila mstari una sekunde zake. Mwandishi aliyezoea redio au gazeti huandika safu ya kulia kwanza, maneno yote yakapendeza, kisha anaanza kutafuta picha za kuyasindikiza. Kwa kipengele cha fundi njia hiyo inaua kazi. Anayetaka kukifanya vizuri hujaza safu ya kushoto kwanza, anaandika kitakachoonekana na kitakachosikika chenyewe, halafu ndipo anajiuliza mtazamaji hataelewa nini asipoambiwa. Hapo tu ndipo maneno yanapoingia.

Ili kuijaza safu ya kushoto lazima aijue kazi ya fundi. Mlango wa Zanzibar una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, na katikati yake, panapokutana mbao hizo, husimama mfaa, ule mwimo mwembamba uliochongwa. Nakshi nyingi haziko kwenye mbao za mlango, bali ziko kwenye mfaa, miimo ya pembeni na kizingiti cha juu. Penye kizingiti cha mraba, mtindo ni wa Kiarabu. Penye tao la nusu duara, mkono wa Kihindi umepita. Mwandishi asiyejua haya atamtuma mpigapicha arekodi katikati ya ubao, mahali pasipo na mchongo, na atarudi na picha za mbao tupu zenye miiba ya shaba.

Fundi naye ana mpangilio wake. Ubao mkavu hupigwa randa, nakshi huchorwa kwa penseli au kwa kufuata kigezo, patasi hukata mstari wa nje, kisha mbao iliyozunguka ua huchimbwa ili ua lenyewe libaki juu. Baada ya hapo huja patasi nyembamba na bobari, ile yenye ncha ya mviringo, kwa ajili ya mikunjo ya majani. Mwisho ni msasa na mafuta. Mlango mkubwa huchukua wiki nyingi, na mpigapicha anapewa siku moja.

Hapa ndipo panapotenganisha waliojiandaa na wasiojiandaa. Televisheni ya watoto ya Uingereza, hasa kipindi cha Blue Peter kilichoanza mwaka 1958, ilizoesha watazamaji wake njia nyepesi: mtangazaji anaanza kutengeneza kitu mezani, kisha anatoa chini ya meza kingine kilichokwisha kutengenezwa. Karakana ya mchongaji ina uwezo huo bila ujanja wowote, kwani fundi mwenye wateja huwa na vipande kadhaa, kila kimoja kikiwa hatua yake. Mtayarishaji humtembelea siku chache kabla ya kurekodi na kuuliza kipi kimechorwa tu, kipi kimeanza kuchimbwa, kipi kinasubiri mafuta, kisha anamwomba asivimalize kabla ya siku ya kurekodi. Safari hiyo ya kwanza, isiyo na kamera, ina thamani kuliko lenzi yoyote.

Kuna mpaka katika hilo. Msimulizi hawezi kusema kwamba baada ya saa tatu ubao huu umekuwa ua, ilhali ni ubao mwingine. Anaweza kusema kwamba ubao ukifika hatua hii huwa hivi, na maneno hayo ni ya kweli. Mafundi hutazama vipengele vyao pamoja na majirani, na mchongaji mwenzake atagundua mara moja kwamba ua la majani manane limegeuka kuwa la majani sita.

Sasa tuje kwenye kiungo cha kwanza, zile sekunde 25 za studio. Waandishi wa Kiingereza hukadiria maneno matatu kwa sekunde. Mtu akiubeba ukadiriaji huo na kuuingiza kwenye maandishi ya Kiswahili ataandika maneno 75, na mtangazaji atakimbia kama anayefukuzwa. Maneno yetu ni marefu, kwani kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Maneno mawili kwa sekunde ni makadirio yaliyo salama zaidi kwa Kiswahili cha utulivu, na hata hayo ni ya kuanzia tu. Kinachokata shauri ni kusoma kwa sauti, saa ikiwa mkononi, kwa kasi ya mtangazaji mwenyewe atakayekisoma.

Kiungo kibaya kinajulikana upesi. Mtangazaji anasema jina la fundi, umri wake, alipojifunzia, ameifanya kazi kwa miaka mingapi, na kwamba sanaa hii ni urithi wetu sote. Kisha kipande kinaanza, na msimulizi anarudia jina, umri na urithi. Mtazamaji ameambiwa jambo moja mara mbili ndani ya nusu dakika, na mkono wake tayari uko kwenye rimoti. Kuna pia hadithi inayopendwa na wengi, kwamba miiba ya shaba ya milango iliwekwa ili kuzuia tembo. Simulizi hiyo ni ya India, ambako tembo walitumika vitani. Zanzibar miiba ile ni pambo la hadhi, na kipengele kinachoanza na tembo kinamlazimu fundi atumie sekunde zake kusahihisha.

Kiungo kizuri kinamfikisha mtazamaji mlangoni na kumwachia swali moja. Kwa kipengele chetu kinaweza kusomeka hivi:

“Milango ya Mji Mkongwe mmeiona: kwenye kalenda, kwenye kadi, pengine hata kwa macho yenu. Leo tunaingia kwenye karakana ambako mlango mmoja bado ni ubao wenye mistari ya penseli tu. Fundi anasema kuna mahali pamoja kwenye ubao huo ambapo patasi ikiteleza, kazi ya wiki nzima inaanza upya. Tumekwenda kupaona.”

Ni maneno 48. Jina la fundi halimo, maana litaandikwa chini ya picha yake atakapoonekana. Umri haumo, maana uso utausema. Kilichomo ni hatari moja iliyo kwenye kazi yenyewe, na jibu lake halijatolewa. Neno la mwisho la mtangazaji ndilo ishara kwa chumba cha mitambo kubonyeza kipande kianze, kwa hiyo hubaki kama lilivyoandikwa. Mtangazaji akijiongezea utani baada ya “kupaona”, kipande kitamkata mdomoni. Akisita kabla ya kulisema, studio nzima itakaa kimya ikimwangalia.

Kipande kinaanza na patasi. Sekunde 12 za kwanza hazina msimulizi: ni mgongano wa nyundo ya mti na mpini, vijiti vya mbao vikiruka, kisha sauti ya mlangoni inayosema “Shikamoo, fundi”, na jibu la “Marahaba” kutoka kwa mtu ambaye hajainua macho. Salamu ni jambo la kupangiwa. Ikiachwa ijiendee yenyewe, pamoja na habari za nyumbani, za kazi na za watoto, itakula robo dakika. Ikikatwa yote, watazamaji watamwona mtangazaji amemwingilia mtu mzima bila adabu, nao hawatasamehe kwa sababu ya saa. Dawa ni kusalimiana kikamilifu kabla ya kamera kuwashwa, kisha kurekodi salamu moja fupi ya kuingilia.

Mistari ya mwanzo ya safu mbili, kwa mfano, huwa hivi:

PICHA: Karibu sana, ncha ya patasi kwenye mstari wa penseli (sekunde 4). SAUTI: Nyundo, mipigo mitatu.

PICHA: Uso wa fundi kutoka upande, macho kwenye kazi (sekunde 3). SAUTI: Nyundo inaendelea.

PICHA: Mbali, karakana nzima, mtangazaji anaingia (sekunde 5). SAUTI: Salamu na jibu.

Msimulizi anaingia baada ya hapo, kwa sekunde 18 tu, yaani maneno kama 36. Anasema fundi anachonga nini na kwa ajili ya nyumba ya namna gani, basi. Kisha fundi anazungumza.

Mazungumzo ya fundi ndiyo sababu ya kuwepo kwa picha za kufunika, na hapa panastahili kukaa kidogo. Fundi akiulizwa jinsi anavyochagua mbao anaweza kueleza kwa dakika sita, na ana haki, kwa kuwa ni elimu ya maisha yake. Nafasi yake kwenye karatasi ni sekunde 25. Mhariri wa picha atachukua sentensi moja kutoka mwanzo wa maelezo, moja kutoka katikati na moja kutoka mwisho, na kwa masikio zitaungana vizuri kabisa. Kwa macho haziungani. Sentensi ya kwanza fundi alikuwa ameinamia kulia, ya pili amenyoosha shingo, ya tatu ameshika penseli. Zikiwekwa moja baada ya nyingine kichwa chake kitaruka kwenye kioo, na mtazamaji, hata asiyejua chochote kuhusu uhariri, atahisi kwamba kuna kitu kimefichwa. Kwa hiyo kila pale sentensi mbili zinapounganishwa huwekwa picha nyingine juu yake, mkono, ubao au penseli, huku sauti ya fundi ikiendelea chini yake. Hiyo ndiyo picha ya kufunika.

Wengi huiona kama pambo na kuirekodi mwishoni, dakika kumi kabla ya kuondoka, kila mtu akiwa amechoka. Matokeo yake ni picha za kikombe cha chai, paka na jua dirishani. Zinapendeza, ila hazifuniki kitu, kwa sababu fundi anazungumzia nyuzi za mbao na mtazamaji anaona paka. Mpango mzuri huandikwa kwa kufuata maneno: mara mahojiano yanapokwisha, mtayarishaji anakaa na mpigapicha pembeni, wanataja yale ambayo fundi amesema kweli, na kila jambo linapewa picha yake. Fundi alisema anapitisha kidole kwenye ubao kabla ya kuchora? Basi kidole hicho kirekodiwe kikipita, karibu, pole pole, mara mbili. Alisema mbao mbichi hupinda? Utafutwe ubao uliopinda pale uani.

Kwa kila tendo mpigapicha huchukua picha tano: mikono kwa karibu, uso kwa karibu, mtu na kazi yake kwa mbali, mwonekano kutoka nyuma ya bega lake, na upande mmoja usiotarajiwa, kama vile chini ya meza vijiti vinapoanguka. Kila moja hushikiliwa sekunde kumi bila kamera kutikisika, ingawa itakayotumika ni nne au tano. Hesabu yake ni nyepesi. Kipande cha sekunde 215, kila picha ikikaa kwa wastani wa sekunde nne na nusu, kinahitaji picha karibu 48. Anayerudi na picha 20 atalazimika kuzirudia, na mtazamaji ataiona patasi ile ile ikikata jani lile lile mara tatu.

Kuna kosa la pili, na hili hugunduliwa kwenye meza ya uhariri wakati hakuna tena la kufanya. Fundi hakusimama kazi wakati wa mahojiano. Mwanzoni ua lilikuwa na jani moja lililokatwa, mwishoni yalikuwa matano. Sentensi zikipangwa upya, majani yanaongezeka, yanapungua, kisha yanaongezeka tena. Ndiyo maana mahojiano marefu hufanywa fundi akiwa amepumzika, ubao uliokamilika au usioguswa ukiwa nyuma yake, na maswali machache tu huulizwa akiwa kazini. Kuna sababu ya sauti pia: nyundo ikigonga katikati ya neno, mhariri hawezi kulikata neno hilo bila kuukata mgongano nusu, na sikio hulinasa kosa hilo kabla ya jicho.

Mji Mkongwe una sauti nyingine isiyokatwa. Adhana ikianza, mahojiano husimama hadi iishe. Ni heshima, na ni hesabu ya uhariri pia, kwa kuwa adhana iliyo chini ya maneno ya fundi haiwezi kugawanywa vipande vipande na kupangwa upya bila kuikosea. Mtayarishaji anayejua nyakati za sala hupanga maswali kuzizunguka. Kabla ya kufungasha, mshika sauti huomba kila mtu anyamaze kwa dakika moja ili arekodi ukimya wa karakana, ambao si ukimya hasa: kuna feni, kuna pikipiki za mbali, kuna kunguru. Ukimya huo huwekwa chini ya sentensi zilizounganishwa ili zisikike kana kwamba zilisemwa kwa pumzi moja.

Katikati ya kipande kuna sekunde 50 za kazi tupu, kuanzia kuchora, kukata hadi kuchimba. Msimulizi amepewa 20 tu kati ya hizo. Thelathini zilizobaki ni za mbao na chuma. Baada ya hapo ndipo jibu la swali la mtangazaji linapotoka, na fundi analitoa mwenyewe kwa sekunde 30. Mahali pa hatari ni pale jani jembamba linapokatiza nyuzi za mbao. Nyuzi zikienda sambamba na jani, mbao inashikana. Jani linapozikatiza, ncha yake inabaki na nyuzi fupi zisizoshikiliwa na kitu, na patasi ikisukumwa kwa nguvu ile ile iliyotumika sentimita mbili nyuma, ncha inachomoka. Picha ya kufunika hapa imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye mpango: kidole cha fundi kwenye ncha hiyo hasa, karibu kadiri lenzi inavyoweza, taa ikitoka ubavuni ili nyuzi zionekane. Ikikosekana picha hii, mahojiano yatabaki maneno, na ahadi ya studio haitakuwa imetimizwa.

Zinazofuata ni sekunde 20 mtaani, milango ya zamani na mnyororo uliochongwa pembezoni mwake, kisha fundi kwa sekunde 25 akieleza mteja anavyochagua nakshi, kisha msasa na mafuta kwa sekunde 25, na sekunde kumi za mwisho za nyundo. Ukijumlisha kipande chote, fundi anazungumza kwa sekunde 80. Msimulizi ana sekunde 63, karibu maneno 126. Zinazosalia, 72, hazina anayezungumza, zaidi ya ile salamu. Mtu akiiona hesabu hii kwa mara ya kwanza hudhani kwamba dakika nzima imepotea. Kumbe dakika hiyo ndiyo mtazamaji anapomwona fundi akifanya kazi, na ndiyo ya kwanza kuibwa. Mhariri anaweka muziki juu yake, mtayarishaji anaongeza sentensi ya historia, mkubwa wa idara anataka jina la kituo litajwe. Mwandishi wa karatasi hana budi kuitetea kwa kuiandika: “nyundo pekee, sekunde 10, bila muziki”.

Usiku wa kurusha, kipande hakifupiki tena. Kinachofupika ni kiungo cha mwisho, na ndiyo maana huandikwa mara mbili. Tuseme kipengele kilipangwa kuanza saa 19:46:50 kwa saa ya mitambo, kiishe 19:51:20, ili mgeni anayefuata apate muda wake na kipindi kifungwe kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Aliyetangulia, daktari wa meno, amezungumza zaidi, na kipengele kinaanza 19:47:10. Zimepotea sekunde 20. Mwongozaji anamwambia mtangazaji sikioni maneno mawili: “kiungo kifupi”. Badala ya kile cha sekunde 30, ambacho kina maelezo ya mahali milango inapouzwa na swali kwa watazamaji, mtangazaji anasoma cha sekunde kumi, maneno 20, na kipengele kinaisha 19:51:20 kama ilivyopangwa. Nyumbani hakuna aliyegundua. Kama kiungo kifupi hakikuandikwa, mtangazaji atajaribu kufupisha kirefu akiwa hewani, na watu wachache sana duniani wanaweza kufanya hivyo bila kujikwaa.

Hayo yote huwezekana kama karatasi inayofika chumba cha mitambo ina mambo matatu yasiyo na utata: urefu kamili wa kipande, picha na sauti kinachoanzia, na picha na sauti kinachoishia. Maneno ya kuishia ndiyo muhimu zaidi, kwani ndiyo yanayomtahadharisha mwongozaji amrudie mtangazaji. Kipande chetu hakiishi kwa maneno, kinaishia kwa nyundo, kwa hiyo karatasi lazima iseme ni mipigo mingapi: “mipigo minne, fundi anapuliza vumbi, mwisho”. Ikiandikwa “kinaishia kwa nyundo” tu, mwongozaji atamkatiza fundi kwenye mpigo wa pili, au atangoje wa tano usiokuwepo huku kioo kikiwa cheusi.

Jambo la mwisho kwenye karatasi halimo katika safu yoyote kati ya zile mbili, nalo husahauliwa sana. Chini kabisa huandikwa namba ya simu ya fundi, na mbele yake jina la mtu atakayempigia kumjulisha siku na saa ya kurushwa, kisha kumpigia tena ratiba ikibadilika, na kumpelekea nakala ya kipengele. Fundi alisimamisha kazi ya wateja kwa siku nzima na aliacha vipande vitatu nusunusu kwa ajili ya kamera. Watayarishaji wanaosoma haya, mpigieni.